Kichwa cha barua pepe kwa meneja asiyekujua

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa majokofu hapa Tanga. Tangu Machi nimefunga kengele ya joto kwenye matangi 3 ya kupozea maziwa huko Muheza. Maziwa yakianza kupata joto usiku, mlinzi anapata SMS. Sasa nataka kumwandikia meneja wa uzalishaji wa kiwanda kinachonunua maziwa hayo. Hanijui kabisa. Kichwa nilichoweka ni "YAH: OMBI LA KUSHIRIKIANA NA KAMPUNI YENU". Mwenzangu anasema barua haitafunguliwa. Niandike nini?*
Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nimekaa miaka 17 kwenye meza ya katibu muhtasi, nikipokea barua za wakurugenzi wawili, mmoja baada ya mwingine. Kichwa kama chako nimekiona kikipita mbele ya macho yangu mara zisizohesabika. Sarufi yake ni safi na adabu yake haina dosari. Shida ni kwamba anayekisoma hapati la kufanya nacho, na mtu mwenye kazi nyingi akikosa la kufanya na kitu, hukiacha kilipo. Kesho yake kimefunikwa na barua nyingine.

Mtazame huyo meneja wako anavyosoma. Saa mbili asubuhi yuko kwenye geti la kiwanda, gari la maziwa limeingia, simu iko mkononi. Kioo cha simu kinampa vitu vitatu tu: jina la aliyetuma, kichwa, na maneno machache ya mwanzo wa barua. Kwenye simu ya kawaida iliyoshikwa wima, kichwa hukatwa kwenye herufi ya 35 hadi 40 hivi, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Inategemea simu na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenyewe, na watu wazima wengi hupenda maandishi makubwa, kwa hiyo kata mapema zaidi kichwani mwako. Kichwa chako kina herufi 41. Yeye ataona hivi:

YAH: OMBI LA KUSHIRIKIANA NA KAMPU…

Neno "kushirikiana" peke yake limekula herufi 12, na bado hajajua kama unauza bima, unatafuta mafunzo ya kazi kwa mdogo wako, au unaomba mchango wa mashindano ya mpira.

Hiyo "YAH:" najua ilikotoka. Sote tulifundishwa shuleni kwamba barua rasmi ina kichwa kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari, kinaanza na "YAH:", yaani yahusu. Wenzetu wa Kenya huandika "KUH:" au "MINT:". Kwenye karatasi utaratibu huo una maana, kwa sababu kichwa kiko katikati ya ukurasa, chini ya anwani na salamu, na lazima kitofautishwe na maandishi mengine. Kwenye barua pepe kichwa kina sehemu yake tayari. Mashine imekwisha kusema "hiki ndicho kichwa". "YAH:" inakula nafasi 4 za mwanzo, zile zilizo ghali kuliko zote, na herufi kubwa mstari mzima zinasomeka kama mtu anayepaza sauti. Pia ndivyo yanavyoandikwa matangazo ya kitapeli, na sitaki barua yako ikae kwenye kundi hilo. Andika kwa herufi za kawaida, kubwa mwanzoni na kwenye majina ya mahali.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu walio nje ya ofisi hizi hawalioni. Unadhani kichwa kinaandikwa ili meneja afungue barua. Kwa mkubwa, kufungua ni jambo la pili. La kwanza ni kuamua jambo hili ni la nani: ni langu, ni la mtu wangu fulani, au si la mtu yeyote hapa. Barua nyingi kutoka kwa wageni zikibahatika huangukia fungu la katikati. Mkurugenzi wangu wa pili alikuwa akikaa kwenye foleni ya magari asubuhi, anasoma vichwa tu, na kila kinachoeleweka anakisukuma kwa mhusika na maneno mawili: "Angalia hili." Mengine aliyafungua jioni, na mengine hakuyafungua kabisa. Lakini kile alichokisukuma kilifanyiwa kazi, maana kimetoka kwa mkubwa.

Kwa hiyo kichwa chako kina wasomaji watatu. Wa kwanza ni meneja kwenye geti. Wa pili ni mhandisi wa matengenezo, au yule anayesimamia vituo vya kukusanyia maziwa, ambaye atakipokea kikiwa na "Fwd:" mbele yake, bila maelezo. Kama kinasema "Ombi la kushirikiana", naye atauliza kuna nini humu, na swali hilo litakaa siku tatu. Wa tatu ni meneja yuleyule baada ya wiki tatu. Tangi la kituo fulani limeharibika usiku, anakumbuka kuna kijana aliandika kuhusu jambo hili, anafungua sehemu ya kutafutia na kuandika neno moja. Ataandika "tangi", au "Muheza", au "joto". Hataandika "kushirikiana".

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutafuta maneno wanayoyatumia wao. Wewe fundi una neno lako, kiwanda kina lake. Waulize wahudumu wa kituo pale Muheza: wanapopiga simu kiwandani kueleza shida, wanasemaje? "Tangi limepanda joto"? "Maziwa yamekataa kipimo cha spiriti"? Neno linalotoka kinywani mwao kila siku ndilo linaloamsha sikio la meneja, kwa sababu amelisikia likiambatana na hasara. Nimewahi kuona fundi mmoja akiandika "mfumo wa ufuatiliaji wa halijoto kwa wakati halisi". Maneno sahihi, na hakuna mtu pale ofisini aliyejua kwamba anazungumzia lile friji lao la dawa.

Tuliandike sasa lako. Ningeanza na kitu chenyewe:

Kengele ya joto kwa matangi ya maziwa

Hiki tayari kinazidi cha kwanza kwa mbali. Lakini ukikiangalia tena utaona kinafanana na tangazo la duka. Muuzaji yeyote wa Dar es Salaam mwenye katalogi angeweza kukituma kwa viwanda 50 siku moja. Hakimwambii meneja kwamba jambo hili limekwisha kugusa maziwa yake. Hapo ndipo Muheza inapoingia:

Kengele ya joto, matangi Muheza

Herufi 31, na zote zitaonekana kwenye simu. Nimeondoa "ya maziwa" kwa sababu kwa meneja wa kiwanda cha maziwa, matangi ya Muheza ni matangi ya maziwa, hakuna mengine. Hilo lifanye kila unapoandika: futa neno ambalo msomaji wako mwenyewe angelijaza. Jina la mahali, kwa upande mwingine, lina nguvu kuliko sifa yoyote. Ukiandika "kifaa bora" au "cha kisasa", hana namna ya kukupima. Ukiandika "Muheza", anaweza kupiga simu moja kwa mwenyekiti wa kituo na kuuliza kama ni kweli. Kichwa kinachoweza kuhakikishwa kwa simu moja kinaaminika kabla hata hakijahakikishwa.

Kinachobaki ni kumwambia unataka nini kwake, maana hapo bado anaweza kudhani ni taarifa tu, aisome akipata nafasi. Kwa barua ya kwanza omba kitu kidogo ambacho anaweza kukikubali bila kuitisha kikao. Mkataba usiuombe, wala ushirikiano. Omba dakika 15:

Kengele ya joto, matangi Muheza: ombi la dakika 15

Herufi 50. Kwenye simu yake kitakatwa baada ya nukta mbili au hapo karibu, na hilo halidhuru, kwa sababu kilichokatwa ni ombi, si jambo lenyewe. Kwenye kompyuta atakiona chote. Huo ndio mpangilio ninaoushikilia: kitu na mahali mbele, ombi nyuma. Ukigeuza, ukaandika "Ombi la dakika 15 kuhusu kengele ya joto Muheza", sehemu itakayobaki kwenye simu itaanza na kuomba, na wanaoomba ni wengi mno. Kiswahili nacho kina tabia yake hapa. Vitenzi vyetu ni virefu, vimebeba nafsi, wakati na mtendwa mle mle. "Ningependa kukutaarifu" ni herufi 22 na bado hujasema kitu. Nomino zinabana vizuri zaidi, ndiyo maana kichwa hiki hakina kitenzi hata kimoja.

Najua utajaribiwa kuweka namba ya lita ulizookoa. Kama tangu Machi kengele imelia usiku na mlinzi akawasha jenereta maziwa yakapona, hiyo ni habari kubwa kwa kiwanda. Lakini iweke ndani ya barua, pamoja na tarehe na nakala ya ukurasa wa daftari la kituo. Lita zikikaa kwenye kichwa peke yake zinasikika kama majigambo, na meneja wa uzalishaji, ambaye kila siku anasikia watu wakimtajia namba, ataanza kwa kuitilia shaka. Mshawishi kwa mahali kwanza, namba imkute ndani.

Kuna kishawishi kingine kibaya zaidi, na hapa nakuomba unisikilize. Unaweza kuandika "Tatizo la joto kwenye matangi Muheza". Kitafunguliwa dakika hiyo hiyo, sina shaka. Meneja atashtuka, atafikiri maziwa ya leo yameharibika, pengine atampigia simu mtu wa kituo kabla hajamaliza kusoma. Kisha atagundua ni fundi anayetafuta kazi. Hasira hiyo haisahauliki. Katika ofisi moja niliyofanya kazi alikuwepo muuzaji wa wino wa mashine za kuchapia, aliandika kichwa "DHARURA: malipo yako". Mkurugenzi aliacha kikao akafungua. Baada ya hapo aliniagiza barua zote za anwani ile ziende kwenye taka. Miezi kadhaa baadaye muuzaji huyo alishinda kuwa miongoni mwa waliotakiwa kuleta bei, akatuma bei zake kwa anwani ileile, na hazikuonekana hadi muda ulipokwisha kupita. Alikuja ofisini akilalamika, na kwa kweli nilimhurumia, lakini hakukuwa na la kufanya.

Ndugu wa hila hiyo ni kuandika "Re:" kwa mkono, ili barua ionekane kama jibu la mazungumzo yaliyokuwepo. Wapo wanaoifundisha kama ujanja wa biashara. Marekani wana sheria ya mwaka 2003 inayokataza kichwa cha kupotosha kwenye barua pepe za biashara, lakini hata pasipo sheria, katibu muhtasi anaijua hila hiyo kwa sekunde moja: anatafuta barua iliyojibiwa, haipo. Toka hapo jina lako limewekwa alama.

Kama kuna mtu anayejulikana na meneja aliyekuelekeza kwake, hali inabadilika, na huyo anastahili kuwa mwanzo wa kichwa. Tuseme mwenyekiti wa kituo cha Muheza ndiye aliyesema "mwandikie meneja". Basi andika:

Mwenyekiti Muheza kanielekeza: kengele ya joto

Hiki nakipenda kuliko vyote nilivyokuandikia juu, kwa sharti kwamba umemwomba ruhusa na amekubali jina lake litajwe. Maana meneja atampigia simu. Mwenyekiti akishtuka na kusema "nani huyo?", umewapoteza wote wawili.

Kuhusu adabu, usiogope kwamba kichwa kifupi kinaonyesha kiburi. Salamu zina nyumba yake, nayo ni mstari wa kwanza wa barua. Lakini hata huko zifupishe, kwa sababu kumbuka nilichosema: simu inaonyesha maneno ya mwanzo ya barua karibu na kichwa. Ukianza na "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema pamoja na familia yako", umezika nafasi ya pili uliyopewa. Andika "Habari za kazi, Meneja." kisha moja kwa moja: "Tangu Machi nimefunga kengele kwenye matangi 3 Muheza, maziwa yakipata joto usiku, mlinzi anapata SMS." Kichwa kimetaja jambo, mstari huu unalithibitisha. Visirudiane maneno kwa maneno, kwa sababu nafasi ni ndogo na kila kimoja kina kazi yake. Yeye ni mtu wa maziwa, huna haja ya kumweleza kwamba maziwa yanatakiwa kukaa nyuzi 4 hivi na kwamba umeme ukikatika usiku yanachacha kabla ya gari kufika.

Jina la mtumaji liangalie pia. Watu wengi walifungua anwani yao ya kwanza wakiwa vijana, na jina linalotokea ni la utani au la mwenye simu aliyetangulia. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, weka majina yako mawili unayotumia kwenye kazi. Kichwa kizuri chini ya jina la utani hakiendi popote.

Lugha? Tumia ile utakayoandikia barua yenyewe, na uichague kwa kutazama matangazo ya kazi na ya zabuni ya kiwanda hicho. Kama yako kwa Kiswahili, andika Kiswahili bila wasiwasi. Kuweka kichwa cha lugha moja juu ya barua ya lugha nyingine kunamfanya msomaji ajiandae kwa kitu kisichokuja.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe barua hiyo. Funga simu, subiri iingie, uisome kwenye kioo kabla hujaifungua. Kisha mwoneshe mtu asiyejua habari za maziwa, mwenzako huyo huyo anafaa, umwulize: hii barua inahusu nini, na anayeipata afanye nini? Akijibu la kwanza na kubabaika kwenye la pili, iko sawa, kwa sababu la pili liko mwishoni. Akibabaika kwenye la kwanza, rudi kwenye neno la kwanza ulibadilishe.

Halafu kuna mpaka ambao kichwa hakiuvuki. Kikiwa kizuri kiasi gani, hakiwezi kumgeuza mtu asiyehusika kuwa mhusika. Huko Muheza ulize ni nani kiwandani anayelipa gharama maziwa yanapokataliwa getini. Inawezekana ni meneja wa uzalishaji kama unavyodhani, inawezekana ni anayesimamia ununuzi wa maziwa kwa wafugaji. Mwandikie anayeumia.

Siku 5 za kazi zikipita kimya, usiandike barua mpya yenye kichwa kipya. Fungua ile uliyotuma, bonyeza kujibu, hakikisha anayepelekewa ni meneja na si wewe mwenyewe, ongeza sentensi mbili. Sasa "Re:" itatokea yenyewe na itakuwa ya kweli. Kichwa usikiguse, kwa sababu kwenye Gmail ukikibadilisha tu, barua inajitenga na ile ya kwanza na kuwa mazungumzo mengine, na yule anayetafuta ataona kipande tu.

Ukijibiwa na mtu usiyemwandikia, labda mhandisi, akisema "nimepewa barua yako", jua kichwa kimefanya kazi yake hasa, hata kama meneja hajakuandikia neno. Mjibu huyo kwa heshima ileile. Ukijibiwa "hii inahusu nini?", kichwa kilishindwa. Na kama ni kimya hata baada ya ukumbusho, piga simu ya ofisi, uongee na katibu muhtasi. Msalimie, kisha umwambie: "Nilimwandikia meneja Jumatatu, kichwa cha barua ni Kengele ya joto, matangi Muheza." Utamsikia akibonyeza. Kichwa cha aina hiyo nilikuwa nakipata wakati mpigaji bado yuko kwenye laini. Wale waliosema "ni ombi la kushirikiana, mama", niliwaambia watume tena.